Tredimili au CT ya mishipa ya moyo: kipimo kipi kinamfaa nani

Mtu anayebanwa na kifua kila apandapo ngazi huwa amekuja na maswali mawili kwa pamoja. La kwanza: moyo wake unapofanya kazi ngumu, damu inautosha? La pili: ile mishipa inayoulisha moyo ina nini ndani yake? Kipimo cha mazoezi, ambacho wengi hapa Mombasa hukiita tredimili, hujibu swali la kwanza. CT ya mishipa ya moyo, inayoipiga mishipa hiyo picha kwa mionzi baada ya mtu kudungwa dawa ya rangi, hujibu la pili. Makosa mengi ninayoyaona katika chumba cha kupimia moyo huanzia hapo: mtu ameuliza swali moja, akapewa kipimo cha jingine, kisha karatasi ya majibu ikasomwa kana kwamba imejibu yote mawili.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye hajawahi kuambiwa ana ugonjwa wa mishipa ya moyo, ana maumivu ya kifua yanayokuja na kwenda, na daktari ameshasema apimwe. Tutamfuata mgonjwa mmoja wa mfano tangu malalamiko hadi majibu. Tumwite Mama wa Mtongwe. Ana miaka 56, anauza nguo Marikiti, na presha anayo kwa zaidi ya miaka 10. Anameza amlodipini na atenololi. Kila asubuhi anavuka na feri ya Likoni, na siku hizi akipanda ule mwinuko wa upande wa kisiwani pamoja na umati, kifua kinambana katikati kama aliyefungwa leso ikakazwa. Akisimama kando dakika 2 au 3, kinaachia.

Hatua ya 1: Yasikilize maumivu kwanza

Kabla ya kutaja mashine yoyote, daktari anataka kujua mambo matatu. Je, ni mbano au uzito katikati ya kifua, pengine ukipanda shingoni, tayani au mkononi? Je, huletwa na kazi au hasira? Je, huondoka ndani ya dakika kama 5 ukipumzika, au ukiweka dawa ya nitrogliserini chini ya ulimi? Mama wa Mtongwe anajibu ndiyo mara tatu. Maumivu ya namna hiyo, kwa umri wake na kwa presha yake, yana uwezekano wa kutosha wa kutoka kwenye mishipa ya moyo, na hapo kipimo kina maana.

Linganisha na msichana wa miaka 24 anayechomwa kama sindano ubavuni akivuta pumzi, na ukibonyeza mbavu anaruka. Huyo hahitaji kipimo chochote kati ya hivi viwili. Ukimpandisha kwenye tredimili, uwezekano ni kwamba jibu lolote la "chanya" litakuwa la uongo, naye ataanza kuishi kama mgonjwa wa moyo bila sababu.

Na kuna maumivu ambayo hayapangiwi miadi. Kifua kikibana ukiwa umekaa tu, au kikiendelea zaidi ya dakika 15, au kikija na jasho jingi na kichefuchefu, au kama wiki hii kinakuja kwa kazi ndogo kuliko wiki iliyopita, nenda kasualti saa hiyo hiyo. Tredimili kwa mtu wa namna hiyo ni hatari, na kungoja zamu ya CT ni kupoteza wakati.

Hatua ya 2: ECG ya kupumzika ndiyo inayofungua au kufunga mlango

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ningetaka kila mgonjwa aijue. Tredimili haitazami mishipa. Inatazama mchoro wa umeme wa moyo, yaani ECG, na hasa sehemu moja fupi ya mstari inayoitwa ST. Damu ikipungua kwenye msuli wa moyo wakati wa mazoezi, sehemu hiyo hushuka. Ikishuka milimita 1 au zaidi, ikabaki imelala au ikazidi kuinama, jibu huandikwa chanya.

Sasa, kama mstari huo ulikuwa umeshaharibika hata kabla mtu hajatembea, utasoma nini? Kuna hali kadhaa zinazouharibu. Mojawapo ni umeme kukwama kwenye tawi la kushoto la moyo. Kwenye karatasi utaona herufi LBBB. Nyingine ni mtu kuwa na betri ya moyo, au kutumia dawa ya digoksini. Lakini ile tunayokutana nayo sana hapa kwetu ni msuli wa moyo wa upande wa kushoto ulionenepa kwa sababu ya presha ya miaka mingi. Karatasi huandika LVH. Moyo ulionenepa mara nyingi huwa na ST iliyoshuka tangu mtu amelala kitandani, na akitembea hushuka zaidi, hata kama mishipa ni safi kabisa.

Kwa hiyo omba ECG yako ya kupumzika na uulize swali moja tu: "Daktari, mstari wa ST unasomeka?" Kama jibu ni ndiyo, tredimili bado ni chaguo. Kama jibu ni hapana, tredimili ya ECG peke yake haitakupa jibu la kuaminika, hata ukikimbia vizuri namna gani.

ECG ya Mama wa Mtongwe ilikuwa na LVH, na ST ilikuwa imeinama tayari. Mlango wa tredimili ulikuwa umefungwa. Hata hivyo alipelekwa, kwa sababu ndiyo mashine iliyokuwa karibu na zamu yake ilikuwa fupi. Tutaona kilichotokea.

Hatua ya 3: Miguu, figo na mapigo

Maswali yaliyobaki ni mepesi zaidi. Unaweza kutembea kwa kasi ukipanda mlima kwa dakika 6 hadi 9? Mwenye magoti mabovu, pumu inayosumbua, au mguu ulioachwa dhaifu na kiharusi hatafikisha moyo wake pale unapotakiwa kufika. Kwa upande wa CT, figo zako zinafanya kazi? Dawa ya rangi inayodungwa hutolewa mwilini na figo, na mtu ambaye kiwango chake cha kuchuja, kinachoandikwa eGFR, kiko chini ya 30 anahitaji daktari afikiri mara mbili. Umewahi kudhurika na dawa ya rangi yenye iodini? Una mimba? Mapigo yako yanakwenda sawasawa, au yanarukaruka? Mapigo yasiyo na mpangilio huivuruga picha ya CT.

Tredimili inavyofanywa

Utaratibu unaotumika sana unaitwa Bruce, kwa jina la Robert Bruce, daktari wa moyo wa Seattle aliyeutangaza mwaka 1963. Mashine huanza polepole, kilomita 2.7 kwa saa, lakini imeinuliwa asilimia 10. Kila baada ya dakika 3 kasi na mwinuko huongezeka: ngazi ya pili ni kilomita 4 kwa saa na mwinuko wa asilimia 12, ya tatu ni kilomita 5.5 na asilimia 14. Anayemaliza ngazi ya tatu, yaani dakika 9, ameonyesha moyo wenye uwezo mzuri, na hilo peke yake ni habari njema kuhusu miaka yake ijayo. Huu ndio utajiri wa tredimili ambao CT haina. CT haijui kama unaweza kupanda ngazi.

Moyo unatakiwa ufike angalau asilimia 85 ya upeo wake. Upeo unakadiriwa kwa kutoa umri kutoka 220. Kwa Mama wa Mtongwe ni 220 kutoa 56, yaani 164. Asilimia 85 yake ni kama 139. Asipofika 139 na asionyeshe kitu, kipimo si hasi. Hakijajibu. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona karatasi zilizoandikwa "hasi" za watu walioshuka dakika ya 4 kwa kuumwa goti, nao wakaenda nyumbani wakiamini moyo ni mzima.

Dawa zinazopunguza mapigo, kama atenololi na bisoprololi, ndizo zinazowazuia wengi kufika. Kama kipimo ni cha kutafuta ugonjwa, daktari kwa kawaida huzisimamisha siku 1 au 2 kabla. Usizikate mwenyewe. Kuzikatisha ghafla kunaweza kuyaamsha maumivu ya kifua, na kwa mwenye mishipa mibovu hilo ni jambo zito.

Siku yenyewe vaa raba na suruali nyepesi. Akina mama wanaovaa buibui wapige simu mapema waulizie mhudumu wa kike, wavae suruali ndani na blauzi inayofunguka mbele, kwa sababu vibandiko 10 vitawekwa kifuani na kiwiliwilini. Vazi refu kwenye mkanda unaokwenda ni ajali. Ukishaanza kutembea, shika chuma kwa vidole tu kwa ajili ya kuweka mizani. Anayejitundika kwa mikono huonekana ana nguvu kuliko alizonazo, na dakika anazopata si zake.

Sema kila unachohisi kinapoanza. Wazee wetu wana tabia ya kuvumilia kimya ili wasionekane dhaifu, na hapa uvumilivu huharibu kipimo. Anayesimamia anahitaji kujua dakika ambayo kifua kilianza kubana. Yeye naye ataisimamisha mashine kama namba ya juu ya presha inaanguka badala ya kupanda, mapigo yanageuka vibaya, kizunguzungu kinaingia, au presha inapita 250 kwa 115. Ukishuka utaangaliwa dakika kadhaa zaidi, kwa maana mabadiliko mengine ya ST hujitokeza mtu akiwa anapumzika. Kipimo hiki kikisimamiwa vizuri ni salama sana. Kifo hutokea takriban mara 1 katika vipimo 10,000.

Je, kinakosea kiasi gani? Tafiti za zamani zilizounganishwa pamoja zilionyesha kwamba katika watu 10 wenye mishipa iliyobanwa sana, tredimili huwapata kama 7. Katika 10 wasiobanwa, kama 2 huambiwa wanao ugonjwa. Kwa wanawake majibu chanya ya uongo ni mengi zaidi. Ndiyo maana msomaji mzuri haangalii ST peke yake. Anachukua dakika alizotembea mgonjwa, anatoa mara 5 ya milimita za ST, kisha anatoa mara 4 ya alama ya maumivu: 0 kama hakuna, 1 kama yalikuja lakini hayakumsimamisha, 2 kama yalimsimamisha. Hii ndiyo alama ya Duke. Kuanzia 5 kwenda juu hatari ni ndogo. 11 chini ya sifuri au pungufu ni kubwa. Katikati ni katikati.

Mama wa Mtongwe alitembea dakika 6. Mapigo yalifika 118 tu, kwa sababu asubuhi ile alimeza atenololi kama kawaida. ST ilishuka milimita 1.5 na kifua kilimbana kidogo bila kumsimamisha. Hesabu: 6 kutoa 7.5 kutoa 4, inabaki 5.5 chini ya sifuri. Hatari ya katikati, karatasi ikaandikwa "chanya". Lakini hesabu yote imesimama juu ya ile milimita 1.5, na tunajua ST yake ilikuwa imeinama kabla hajagusa mashine. Alama hiyo haina msingi. Kitu cha kweli kilichopatikana siku ile ni presha: ilipanda hadi 220 kwa 105. Hakuna aliyeizungumzia, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye neno chanya.

Tredimili inakosa nini hata ikifanywa sawasawa

Mshipa wa moyo unaweza kuwa na utando wa mafuta ukutani mwake kwa miaka, umeziba asilimia 30 au 40, na damu ikapita bila shida hata mtu akikimbia. Tredimili yake itakuwa safi, na itakuwa imesema kweli: damu inatosha. Lakini utando huo huo unaweza kupasuka, damu ikaganda juu yake, na mshipa ukazibika wote ndani ya dakika chache. Hivyo ndivyo mtu anavyopata mshtuko wa moyo miezi michache baada ya kufaulu tredimili, na ndugu wakasema daktari alidanganya. Hakudanganya. Hakuulizwa swali la pili.

CT inauona utando huo. Uchunguzi uliofanywa Uskoti kwa wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua, unaoitwa SCOT-HEART, ulitangaza mwaka 2018 kwamba baada ya miaka 5, waliofariki kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo au kupata mshtuko wa moyo walikuwa asilimia 2.3 kwa walioongezewa CT, na asilimia 3.9 kwa waliopata matibabu ya kawaida, ambayo kwa wengi wao yalikuwa pamoja na tredimili. Faida hiyo haikuletwa na upasuaji mwingi zaidi. Watu walionekana wana utando, wakaanzishiwa dawa za kuzuia kama statini, inayoshusha mafuta kwenye damu. Ni haki pia kusema kwamba uchunguzi mwingine mkubwa wa Amerika Kaskazini, PROMISE wa mwaka 2015, uliolinganisha CT na vipimo vya mazoezi vya aina mbalimbali kwa watu 10,003, haukuona tofauti baada ya miaka kama 2. Mimi nasoma hivi: CT haimwokoi mtu kwa kupigwa, humwokoa kama jibu lake litabadilisha dawa anazomeza.

CT inavyofanywa, na unavyojiandaa

Anza kwa simu. CT ya kawaida ya kifua haionyeshi mishipa ya moyo, na si kila mashine ya CT mjini inaweza kazi hii. Moyo unapiga bila kusimama, kwa hiyo mashine inatakiwa iwe na safu 64 au zaidi, na iweze kufuata ECG ili ipige picha katika ule muda mfupi moyo umetulia. Uliza hayo mawili wazi, kisha uliza nani atazisoma picha na majibu yatatoka baada ya siku ngapi. Kama unalipiwa na SHA au bima nyingine, pata idhini kwa maandishi kabla ya siku yenyewe.

Adui wa CT ni mapigo ya haraka. Picha nzuri hupatikana mapigo yakiwa kama 60 kwa dakika au chini. Hapa dawa ileile iliyokuwa kikwazo kwenye tredimili inageuka msaada: Mama wa Mtongwe aliambiwa aendelee na atenololi yake bila kukosa, na alipofika mapigo yalikuwa 58. Asiyetumia dawa ya namna hiyo hupewa metoprololi miligramu 50 hadi 100 kama saa 1 kabla, isipokuwa mwenye pumu kali, ambaye lazima aseme mapema.

Kahawa tungu ya jioni pale barazani, chai ya rangi ya asubuhi, vinywaji vya kuongeza nguvu: acha vyote saa 12 kabla. Muguka na miraa naviweka peke yake, kwa sababu ndivyo vinavyotuharibia picha nyingi na ndivyo watu wanavyovificha. Majani hayo yana kathinoni, inayoharakisha mapigo, kupandisha presha, na inaweza hata kuibana mishipa ya moyo. Aliyekesha akitafuna huja na mapigo 95, tunamwongezea dawa, mapigo hayashuki, na picha inatoka na ukungu. Hatutakuripoti kwa mtu. Tuambie tu, tukupangie siku nyingine.

Waume wanaotumia dawa za nguvu kama sildenafili au tadalafili wanatakiwa wanyooshe ukweli pia. Dakika chache kabla ya picha utawekewa nitrogliserini chini ya ulimi ili mishipa itanuke ionekane. Zikikutana mwilini, presha inaweza kuporomoka vibaya. Sildenafili iachwe angalau saa 24, tadalafili saa 48.

Kunywa maji ya kutosha siku hiyo. Kama ni Ramadhani na hali yako si ya dharura, panga kipimo baada ya Idi, kwa sababu dawa ya rangi na mwili mkavu havipatani na figo. Mwenye sukari anayetumia metformini aoneshe majibu ya figo zake. Figo zikiwa dhaifu sana dawa hiyo husimamishwa kwa saa 48 baada ya kipimo, na hurudishwa figo zikithibitishwa kuwa salama.

Mezani wewe mwenyewe una kazi moja: kushika pumzi kama sekunde 10 bila kutikisika. Utajaribishwa kabla. Picha ya kwanza hupigwa bila dawa ya rangi, kuhesabu chokaa iliyokauka ukutani mwa mishipa. Kisha dawa ya rangi, kati ya mililita 50 na 100, husukumwa kwa kasi kwenye mshipa wa mkono. Utahisi joto likikushuka mwili mzima hadi kibofuni, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Baada ya hapo kaa hospitalini dakika 15 hadi 30. Mwasho, kuvimba midomo au kubanwa na pumzi ni vya kusema mara moja.

Mionzi ipo. Kwa mashine mpya na mapigo yaliyotulia mara nyingi ni milisivati 1 hadi 5. Dunia yenyewe humpa binadamu wastani wa kama 2.4 kwa mwaka. Si sababu ya kumnyima CT anayeihitaji. Ni sababu ya kutoirudiarudia kila mwaka ili kujiridhisha.

Kusoma majibu

Karatasi ya CT mara nyingi hutoa namba mbili. Ya kwanza ni hesabu ya chokaa, inayoitwa Agatston. Sifuri ni jibu zuri sana, ingawa utando laini usio na chokaa unaweza kuwepo. Zaidi ya 400 ni chokaa nyingi. Ya pili ni CAD-RADS, kutoka 0 hadi 5, kwa mshipa uliobanwa zaidi. 0 hakuna kitu, 1 ni chini ya asilimia 25, 2 ni hadi 49, 3 ni kati ya 50 na 69, 4 ni 70 kwenda juu, na 5 mshipa umezibika wote.

Nguvu kubwa ya CT ni kusema hapana. Ikionyesha mishipa mikubwa haijabanwa, unaweza kuamini karibu kabisa. Udhaifu wake uko kwenye 3. Mshipa uliobanwa asilimia 60 unaweza kuwa unaunyima moyo damu, au usiwe. CT imeona ukuta, haikuona mtiririko. Mtu wa namna hiyo ndiye anayerudishwa kwenye swali la kwanza: apimwe kwa mazoezi, na afadhali pamoja na eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kabla hajakimbilizwa kuwekewa stenti, kile kijibomba cha kuushikilia mshipa wazi.

Mama wa Mtongwe alipata Agatston 0 na CAD-RADS 1: utando mdogo laini kwenye mshipa wa mbele, chini ya asilimia 25. Tredimili ilikuwa chanya ya uongo. Lakini maumivu yake ni ya kweli, na hapa wagonjwa wengi, hasa wanawake, huachwa njiani wakiambiwa ni mawazo. CT huona mishipa mikubwa tu. Ile midogo iliyozama ndani ya msuli haionekani, na kwenye moyo ulionenepa kwa presha damu hupungua hukohuko, kwenye midogo. Aliporudi kliniki alisema, "Daktari, kwa hiyo sina kitu?" Akajibiwa, "Mama, mishipa mikubwa ni mizuri. Presha yako ndiyo inayokubana pale feri." Presha ikashughulikiwa kwa nguvu, kwa kuwa 220 ile ilikuwa imesubiri kuonekana. Alipimwa damu kuhakikisha hana upungufu, akafanyiwa eko kuona unene wa moyo, akaanzishiwa statini kwa ajili ya ule utando mdogo.

Wanaofaa upande mmoja au mwingine

Kwa hiyo CT ingempendeza tangu mwanzo mtu kama yeye: ECG isiyosomeka, hajawahi kuugua mishipa, figo nzima, mapigo yanayotulizika. Inamfaa pia aliyepata tredimili isiyoeleweka, na wa umri wa kati ambaye maumivu yake yana dalili mbili tu kati ya zile tatu za Hatua ya 1.

Tredimili namchagulia mwenye ECG safi na miguu mizima, hasa asiyeweza kudungwa dawa ya rangi. Namchagulia bila kusita yule ambaye ugonjwa wake unajulikana tayari. Mpagazi wa bandarini aliyewekewa stenti mwaka jana, anayetaka kujua kama arudi kubeba magunia, hahitaji picha ya ukuta. Stenti zenye kipenyo chini ya milimita 3 CT haioni vizuri ndani yake. Anahitaji kuonekana akifanya kazi, presha na mapigo vikiandikwa. Vivyo hivyo anayelalamika kwamba moyo unaruka akikimbia. Mruko huo utauona kwenye mkanda, si kwenye picha.

Kisha kuna wale ambao hakuna kati ya hivi viwili kinachowafaa. Chukua mzee wa miaka 69 wa Kisauni, sukari miaka 20, sigara maisha yake yote, magoti yameliwa. Hawezi tredimili. Akipigwa CT, picha ya kwanza isiyo na dawa inaonyesha Agatston 1,400. Chokaa nyingi namna hiyo hung'aa kwenye picha na kuvimba, mshipa uliobanwa nusu ukaonekana kama umezibika, na msomaji mwaminifu ataandika kwamba hawezi kukadiria. Baadhi ya vituo husimama hapo, bila kumdunga dawa ya rangi, na ni uamuzi mzuri: namba hiyo peke yake imeshasema ugonjwa upo na statini ianze. Swali lililobaki, kama damu inautosha moyo wake, hujibiwa akiwa amelala, kwa eko inayofanywa huku moyo ukiharakishwa na dawa ya dobutamini, au kwa kipimo cha nyuklia pale kinapopatikana. Ukuta wa moyo ukionekana unalegea sehemu moja dawa inapopanda, anapelekwa kuingizwa mrija kwenye mishipa. Ukibaki unapiga sawasawa pande zote, anaendelea na dawa, na daktari wa sukari anaitwa kwenye mazungumzo.